Kubadilisha Maneno ya Bango la Neoni Kwenye Picha ya Usiku na Kuulinda Mwanga Wake

Mwenye mkahawa mmoja hapa Malindi, pembezoni mwa Barabara ya Lamu, ana bango la neoni ya waridi lililoandikwa SAMAKI. Sasa anataka liandikwe CHAI. Kabla hajamlipa fundi, anataka kuona ukumbi wake utakavyokuwa usiku, na anachokuletea ni picha moja tu: ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, baraza chini ya bango, nguzo ya paa la makuti upande wa kulia, na sakafu iliyolowa mvua ya masika.

Kufuta herufi sita na kuandika nne ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni mwanga. Bango limeupaka waridi ukuta, baraza, sakafu na tumbo la makuti, na ukibadilisha herufi bila kuugusa mwanga huo, jicho litakataa picha hata kama mtazamaji hajui ni kwa nini. Ukiufuta mwanga wote na kupaka mwingine kwa brashi, utapoteza kila kovu la chokaa. Njia ninayoieleza hapa ni ya tatu: ugawanye ukuta kwa mwanga wa zamani, kisha uuzidishe kwa mwanga mpya. Natumia GIMP 2.10 kwa sababu ni ya bure na inafanya hesabu ya mwanga sawasawa, lakini mantiki ni ileile kwenye programu nyingine yoyote yenye leya na biti 32.

Mwanga wa bango hufika kwa sura tatu

Kabla ya kugusa chochote, itazame picha na ujiulize kila mwanga wa waridi umefikaje pale ulipo.

Wa kwanza ni ule wa karibu, ukutani nyuma ya herufi. Mrija umesimama sentimita chache mbele ya ukuta, kwa hiyo ukuta unaijua herufi: ukiziba mirija kwa kidole kwenye skrini, bado utaiona S kama kivuli cha mwanga. Sehemu hii lazima ijengwe upya.

Wa pili ni wa mbali. Baraza, makuti na sakafu kavu haviwezi kujua bango limeandikwa nini. Vinapokea jumla ya mwanga wa mirija yote, basi. Sehemu hii haijengwi upya, inapunguzwa au kuongezwa tu.

Wa tatu ni wa kioo: maji sakafuni, dirisha, boneti ya tuktuk iliyoegeshwa. Hapo herufi zenyewe zinaonekana, zimepinduliwa, na zinabadilishwa kama zilivyobadilishwa ukutani. Bango la uongo hugunduliwa hapa mara nyingi zaidi kuliko pengine popote, kwa sababu mhariri ameshughulika na ukuta akasahau dimbwi.

Kutayarisha faili

Kama unaweza kupata faili ghafi ya kamera au DNG ya simu, ichukue hiyo. Picha ya kawaida ya simu iliyopigwa kwa hali ya usiku imeunganishwa kutoka fremu kadhaa, na simu imeshang'arisha vivuli na kutuliza mwanga mkali sehemu kwa sehemu. Namba zake za mwanga si za kweli tena, ingawa kazi bado inawezekana kwa subira zaidi. Na kama mwenyewe ndiye mpigaji, pangusa lenzi kwanza. Upepo wa pwani huacha utando wa chumvi kwenye kioo, na utando huo hutandaza ukungu wa waridi juu ya kila kitu.

Fungua picha, nenda `Image > Precision`, chagua `32 bit floating point`, kisha hapohapo `Linear light`. Hatua hii usiiruke. Mwanga wa taa mbili hujumlishana, lakini namba za picha ya kawaida zimekunjwa ili zilingane na jicho, na ukijumlisha namba zilizokunjwa unapata mwanga uliopauka wenye kingo chafu. Kwenye `Linear light` namba hulingana na wingi wa mwanga wenyewe, na kwa kuwa ni biti 32, thamani inaweza kupita 1 bila kukatwa. Tutaihitaji sana nafasi hiyo ya ziada.

Kwanza uliandike upya neno la zamani

Hapa watu hushangaa: kabla ya kuandika CHAI, tunaandika SAMAKI. Sababu ni kwamba picha tayari inakuonyesha jibu sahihi la neno la zamani. Ukiweza kuunda mwanga wa SAMAKI ukalingana na ule uliopo ukutani, vipimo vyako ni sahihi, na utavitumia vilevile kwa CHAI.

Pima kwanza. Kwenye picha yetu herufi zina kimo cha pikseli 400, na mwenye mkahawa anasema zina sentimita 40, kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 10. Mrija una unene wa pikseli 12 hivi, na umesimama sentimita 3 kutoka ukutani, yaani pikseli 30. Umbali huo wa mrija na ukuta ndio namba muhimu kuliko zote, kwa sababu ndio unaoamua mwanga utapanuka kiasi gani. Mrija mrefu ulionyooka huangaza ukuta kwa kadiri hii, ambapo h ni umbali wa mrija na ukuta, na x ni umbali wa kwenda pembeni:

```
mwanga = h / (h² + x²)
```

Maana yake ni rahisi. Ukienda pembeni umbali ulio sawa na h, mwanga umebaki nusu. Kama hakuna wa kukupa kipimo, tafuta ukutani mahali mwanga unapofikia nusu ya kilele chake, na umbali wa hapo kutoka katikati ya mrija ndio h yako.

Fuata mirija ya SAMAKI kwa zana ya `Paths`, mstari mmoja katikati ya kila mrija, kisha `Edit > Stroke Path` kwa unene wa pikseli 12 na ncha za mviringo, kwenye leya tupu ya ukubwa wa picha nzima. Rangi usiichukue kwenye mrija, kwa kuwa pale kamera imezidiwa na inaonyesha karibu nyeupe. Ichukue ukutani, kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye herufi, ambako waridi bado ni waridi.

Nakili leya hiyo upate nne, na uzififishe kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`: ya kwanza 30, ya pili 60, ya tatu 120, ya nne 240. Opasiti zake ziwe 100, 50, 25 na 12.5. Kila ukipanua mara mbili, unapunguza nusu. Zote ziwe kwenye modi ya `Addition`. Kwa nini nne badala ya moja? Kwa sababu ufifishaji mmoja huisha ghafla, na herufi huonekana kama imezungukwa na wingu lenye mpaka, hali mwanga wa mrija halisi una mkia mrefu unaoburutika mbali. Leya nne zilizojumlishwa hivi huufuata mkia wa ile kanuni kwa karibu sana.

Chini ya hizo weka leya moja ya rangi bapa ya mwanga mwingine wa pale, yaani taa ya barabarani na balbu ya jikoni. Rangi yake unaipata mahali ukuta umefichwa na nguzo, pasipofikiwa na waridi. Ziweke leya zote tano kwenye kundi moja, uliite `mwanga-zamani`.

Sasa linganisha kundi hili na ukuta wenyewe, uwashe na kuzima. Rekebisha ukali wa leya nne za waridi kwa `Colors > Exposure`, kiasi kilekile kwa zote, mpaka zilingane na ukuta mahali pasipozidiwa. Ukiona karibu na herufi pamelingana lakini mbali pana giza, h yako ni ndogo mno. Ukiona nafasi kati ya herufi zimejaa kuliko kwenye picha, h ni kubwa mno. Andika namba ulizozipata pembeni.

Kuuvua ukuta mwanga wake

Badilisha modi ya kundi la `mwanga-zamani` iwe `Divide`, na hakikisha unatumia modi za `Default`, si za `Legacy`. Picha iliyo chini inagawanywa kwa mwanga, na kinachobaki ni ngozi ya ukuta: chokaa, nyufa, doa la unyevu, kana kwamba umemulikwa sawasawa kila mahali. Tengeneza leya mpya kwa `Layer > New from Visible`. Itaonekana nyeupe kupita kiasi, kwa sababu thamani zinazunguka 1, kwa hiyo ishushe kwa `Colors > Exposure` hadi −1 ili uone unachokifanya. Utairudisha +1 mwishoni.

Palipokuwa na mirija kumebaki makovu meupe yenye umbo la SAMAKI. Yazibe kwa `Heal` na `Clone`, ukichukua chokaa kutoka sehemu nyingine za ukuta. Kazi hii hapa ni nyepesi kwa sababu mwanga umeshatoka. Ukifanya hivyohivyo kwenye picha ya kawaida, kila kipande unachonakili kinakuja na mwanga wa kilikotoka, na ukuta unakuwa na viraka.

Kuna kikomo unachopaswa kukijua. Karibu sana na mirija, chaneli nyekundu imejaa kabisa, na pale haina tena habari ya chokaa. Zitazame chaneli moja moja. Kwa bango la waridi, kijani mara nyingi imesalimika hata pale nyekundu ilipokufa, nawe unaweza kuinakili ngozi ya ukuta kutoka kwenye kijani kwenda nyekundu, kwa kuwa chokaa karibu haina rangi yake yenyewe. Kama chaneli zote tatu zimejaa, hakuna ujanja. Ziba kwa chokaa ya pembeni, au rudi upige picha bango likiwa limezimwa.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa yeyote anayeweza kurudi. Kamera juu ya tripodi, mipangilio ileile, picha moja bango likiwaka na nyingine likiwa limezimwa. Ukitoa ya pili kutoka ya kwanza kwa modi ya `Subtract`, unabaki na mwanga wa bango peke yake, umetengwa kabisa na taa ya barabarani.

Herufi mpya

Usichukue fonti ya kawaida ukaijaza rangi. Neoni ni mstari mmoja unaopinda, una unene uleule mwanzo hadi mwisho, na kona zake ni za mviringo kwa sababu kioo hakikunjwi kama waya. Hata mirija ya silikoni yenye LED ndani, ambayo ndiyo mingi siku hizi, ina mpindo wake wa chini kabisa. Chora CHAI kwa `Paths`, kimo kilekile, juu ya mistari miwili uliyoivuta kufuata vichwa na nyayo za SAMAKI, ili mwelekeo wa ukuta usipotee. Neno likae katikati ya pale lilipokuwa la zamani. Ukisahau kuvifuta vibano vilivyoshika mirija na kuviweka upya, herufi zitaonekana zinaelea.

Stroke kwa pikseli 12, rangi ileile, kisha zikuze kwa `Colors > Exposure` +3, yaani mara nane. Rangi ya waridi ikizidishwa nane, nyekundu inapita 1 mbali sana na nyingine nazo zinaikaribia au kuipita, kwa hiyo skrini inaonyesha kiini kilichopauka hadi karibu nyeupe. Pembezoni, ambako mstari unafifia, rangi inarudi. Huna haja ya kupaka kiini cheupe kwa mkono, kinatokea kwa sababu ileile iliyokifanya kitokee kwenye kamera. Zififishe kwa pikseli 1 hivi zifanane na ukali wa lenzi, ukilinganisha na ukingo wa mrija wa zamani.

Kisha rudia leya nne za mwanga kwa herufi mpya: 30, 60, 120, 240, opasiti zilezile, `Exposure` ileile uliyoiandika, na leya bapa ileile chini. Kundi hili liite `mwanga-mpya`, modi `Multiply`, juu ya ngozi ya ukuta. Sasa nyufa za chokaa zinang'aa karibu na C na kuzama gizani pale S ilipokuwa. Nguzo iliyo mbele ya ukuta iondolewe kwa maski, kwa sababu mwanga wa ukutani haupiti mbele ya nguzo. Kundi lote la ukuta lipewe maski inayofifia taratibu, kiasi cha vimo viwili vya herufi kuzunguka bango, liungane na picha ya asili.

Baraza, makuti na sakafu

Mwanga wa mbali unafuata jumla ya urefu wa mirija, ikiwa ni ya aina moja. Hesabu urefu kwa kipimo cha kimo cha herufi. SAMAKI inatoka hivi: S 2, A 2.4, M 3.2, A 2.4, K 2.5, I 1, jumla 13.5. CHAI: C 2, H 2.6, A 2.4, I 1, jumla 8. Gawanya 8 kwa 13.5, unapata 0.59. Idadi ya herufi pekee ingekudanganya. PWEZA ina herufi tano tu, lakini W yake ina mirija mingi kiasi kwamba mwanga wake ungekuwa karibu sawa na wa SAMAKI.

Lakini usishushe baraza lote hadi 0.59, kwa sababu taa ya barabarani haijabadilika. Soma rangi kwa `Color Picker` ikionyesha `Pixel`. Katikati ya baraza kwenye picha yetu ni 0.20, 0.06, 0.08. Baraza hilohilo nyuma ya nguzo, kwenye kivuli cha bango, ni 0.04, 0.035, 0.03. Tofauti ndiyo sehemu ya bango: 0.16, 0.025, 0.05. Izidishe kwa 0.59, uijumlishe na ile ya kivulini, unapata takribani 0.134, 0.050, 0.060. Gawanya kwa thamani za mwanzo: 0.67, 0.83, 0.74.

Nakili picha ya asili kwenye leya mpya, nenda `Colors > Components > Channel Mixer`, uondoe alama ya `Preserve luminosity`, kisha weka 0.67 nyekundu ndani ya nyekundu, 0.83 kijani ndani ya kijani, 0.74 samawati ndani ya samawati. Baraza halijawa tu na giza zaidi, limepoteza pia uwaridi, kwa kuwa taa ya barabarani sasa ina sauti kubwa zaidi. Ndicho kitakachotokea siku fundi atakapobadilisha bango, na mteja anastahili kukiona mapema.

Maski ya leya hii iwe nyeupe karibu na bango na ipungue kuelekea pasipofikiwa na waridi. Makuti yana rangi yake ya kahawia, kwa hiyo yapimie namba zake, usitumie za baraza. Na kama picha ina ukungu wa waridi angani kutokana na lenzi, nao ni mwanga wa bango. Ingiza hapohapo.

Dimbwi

Sakafu iliyolowa inapindua bango juu chini, hailigeuzi kushoto kulia. Nakili herufi mpya, zipindue kwa `Flip` ya wima, na uziweke chini ya mstari ambapo ukuta unakutana na sakafu, umbali sawa na ule ambao bango limepanda juu ya mstari huo. Linganisha mahali na taswira ya SAMAKI iliyokuwa kwenye maji, kisha ndipo uifute kwa `Clone`.

Maji juu ya saruji hayajatulia kama kioo, kwa hiyo herufi hurefuka kwenda chini. Tumia `Filters > Blur > Linear Motion Blur` kwa nyuzi 90. Kisha shusha `Exposure` sana. Maji hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, karibu asilimia 2 ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja, na zaidi kadiri unavyoyatazama kwa mshazari. Kwa hiyo bango lenye kiini cheupe ukutani huonekana waridi iliyokolea majini. Ukiona kiini cheupe kwenye dimbwi lako, umelizidisha. Weka leya kwa `Addition`, na maski iifuate mipaka ya maji, kwa sababu sakafu kavu hairudishi herufi.

Kukagua

Leya ulizozififisha hazina chembechembe za usiku, na ukuta uliozibwa nao umelainika. Ongeza kidogo kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, ukikuza picha hadi asilimia 200 kulinganisha na sehemu isiyoguswa.

Halafu weka leya ya muda ya picha nzima na uipandishe `Exposure` +3. Mabaki ya SAMAKI yakiwepo yatajitokeza: mkia wa S ukutani, mguu wa K kwenye dimbwi, au duara la maski lililoishia ghafla. Itazame chaneli nyekundu peke yake, kisha kijani peke yake, kwa kuwa mzimu unaofichwa na moja huonekana kwenye nyingine. Angalia vivuli pia. Neno fupi ni chanzo chembamba zaidi cha mwanga, kwa hiyo kivuli cha nguzo kinapaswa kuwa na ukingo mkali kidogo kuliko zamani, na kikikaa mbali na bango unaweza kukiacha kilivyo.

Unapoituma picha, iandike wazi kwamba ni mfano wa bango lijalo, na uhifadhi faili lenye leya. Mwenye mkahawa akiamua kwamba baraza limekuwa giza mno, jibu liko ndani ya faili hilo: ongeza mstari wa mrija chini ya neno wenye urefu wa vimo vitano na nusu vya herufi, fululiza leya zilezile nne, na jumla inarudi 13.5.